Koini ishapanda asilimia 55 kwa siku nne, nimeandika sheria ya kuingia, nikagulieni kabla sijabonyeza

kijana_wa_langoni (Lamu) · Jumatatu usiku

Salamu wanajukwaa. Kuna koini sitaitaja jina hapa kwa sababu nikiitaja uzi utageuka wa kushabikia na mimi sitaki hilo. Ilikuwa 0.40 kwa wiki mbili tatu imelala tu, kila ikifika 0.46 inagonga inarudi. Ijumaa ikavunja 0.46, leo Jumatatu iko 0.62. Kwenye grupu la wosapu watu wanatupia skrinshoti tangu asubuhi, mmoja yuko Malindi, mmoja Mombasa, wote kijani kibichi, na mimi niko hapa na shilingi elfu 60 ambazo hazina kazi nyingine kwa sasa, nazichungulia kila dakika tano.

Kuna mtu humu aliwahi kusema usiingie kwenye kitu kilichopaa bila sheria iliyoandikwa, basi nimeandika. Hii hapa:

"Koini ikipanda kwa nguvu na habari zake ni nzuri, nanunua kwa nusu ya pesa. Ikishuka kidogo naongeza nusu iliyobaki. Nikipata faida ya kutosha natoka."

Swali langu, iko sawa? Maana kwa sheria hii naruhusiwa kununua saa hii na moyo unasema nunua.

---

pampu_tu · Jumatatu usiku

Wewe andika sheria sisi tunaandika faida 😂 nimeingia 0.60 mchana, hii inaenda dola moja kabla ya wikendi. Ukingoja utanunua kutoka kwangu.

---

KaskaziKing (Watamu) · Jumatatu usiku

Ndugu yangu hiyo ni rahisi, hata huhitaji sheria ndefu. Fungua chati, weka RSI, kile kipimo cha kasi ya bei cha 0 hadi 100, ikiwa juu ya 70 hununui, ikishuka chini ya 70 unanunua. Kwisha. Nshaangalia koini nyingi zilizopaa hivyo, RSI huwa 80 na kitu. Juu ya 70 ni hatari, sayansi hiyo.

---

mzee_wa_maweni (Malindi) · Jumatatu usiku

Kijana, umefanya vizuri kuandika lakini ulichoandika si sheria, ni ruhusa. Hebu isome tena polepole kisha unijibu hili: ni siku gani, kwa koini gani, sheria hiyo ingekwambia HAPANA? Koini iliyopaa siku zote imepanda kwa nguvu, ndiyo maana ukaiona. Habari zake siku hiyo siku zote ni nzuri, kwa sababu watu hutafuta habari baada ya bei kupanda, si kabla. "Ikishuka kidogo" ni ngapi? "Faida ya kutosha" ni ngapi? Hapo kila neno linangoja moyo wako uje uamue, na moyo wako saa hii umeshikwa na wale wa grupu.

Na wewe KaskaziKing uko sawa nusu. RSI juu ya 70 inakwambia bei imekimbia, basi, haikwambii itarudi lini wala itarudi wapi. Koini ikiwa kwenye mwendo wa kweli inaweza kukaa juu ya 70 wiki nzima na zaidi huku inapanda tu, na siku ikishuka chini ya 70 pengine ndiyo siku inaanza kuporomoka, wewe ndiyo unaingia. Isitoshe RSI haikwambii ununue kiasi gani, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kesho nikifungua duka ntakuandikia jinsi ya kuipanga, saa hii simu ina asilimia sita.

---

mama_viungo (Malindi) · Jumanne asubuhi

Samahani kuingilia, mimi nina zile Worldcoin tulizopewa 2023 wakati ule wa foleni za kupigwa picha macho, kabla serikali haijasimamisha. Sikuziuza. Je mnasema niziuze ama ningoje? Machi 2024 zilifika dola 11 na zaidi kila moja na sikuwa najua, nilikuja kujua zishashuka. Hiyo si ndiyo fomo, ile hofu ya kupitwa?

---

kijana_wa_langoni · Jumanne asubuhi

Mama hapa tunazungumzia kuingia, hizo zako ulishaingia bila hata kulipa shilingi 😅 Mzee nangoja. Imefika 0.64 tangu jana, sitanii, nimelala vibaya.

---

mzee_wa_maweni · Jumanne

Mama yangu salamu, swali lako ni zuri ila ni la kutoka si la kuingia, lifungulie uzi wake ntakuja huko inshallah. Kitu kimoja tu nikuachie: ile bei ya dola 11 isiwe ndiyo kipimo chako, ulikuwa hujui wakati huo na sasa haipo.

Sasa kijana. Tunaanzia nyuma, si mbele. Watu wote wanaanza na "itafika wapi", wewe anza na "ikifika wapi ntajua nimekosea". Umesema ilikuwa ikigonga 0.46 inarudi, tena kwa wiki mbili tatu. Basi ile 0.46 ilikuwa dari. Imevunjwa Ijumaa, na dari likivunjwa na wanunuzi wa kweli kawaida linakuwa sakafu, bei ikirudi hapo watu waliokosa wananunua. Ikirudi chini ya hapo ikakaa, basi ule mvunjo ulikuwa wa uongo na sababu ya wewe kuwa ndani imekufa. Kwa hiyo stopu, yaani bei ya kuuza ukate hasara, inakaa chini kidogo ya 0.46, tuseme 0.44, ili isiguswe na kelele ya kawaida.

Stopu ndiyo ya kwanza kuandikwa. Haitokani na wewe unataka kupoteza kiasi gani, inatokana na chati.

Halafu pesa. Una elfu 60. Kwa tredi moja kubali kupoteza asilimia mbili, ni shilingi 1,200. Wengine watakwambia moja, wengine tatu, chagua lakini uandike. Sasa piga hesabu:

```
kiasi cha kununua = riski / ((bei - stopu) / bei)

kwa 0.62:  (0.62 - 0.44) / 0.62 = 29%   1,200 / 0.29 = 4,130 hivi
kwa 0.50:  (0.50 - 0.44) / 0.50 = 12%   1,200 / 0.12 = 10,000
```

Soma hapo mara mbili. Riski ni ile ile shilingi 1,200 kote kuwili, stopu ni ile ile, lakini ukinunua 0.62 unaruhusiwa elfu nne tu na ukinunua 0.50 unaruhusiwa elfu kumi. Yule wa 0.50 koini ikirudi tu pale ilipo leo, 0.62, ana faida ya 2,400. Yule wa 0.62 ili apate hiyo hiyo 2,400 inabidi koini iende mpaka 0.98. Yaani ukifukuza unahitaji muujiza ili upate kile ambacho mwenzako anapata kwa koini kurudi tu ilipokuwa.

Na unajua mtu akifukuza huwa hanunui elfu nne. Ananunua elfu 30, kama ulivyoandika wewe "nusu ya pesa". Elfu 30 kwa 0.62 ikirudi 0.44 umepoteza 8,700. Hiyo si asilimia mbili ya akaunti, ni karibu kumi na tano, kwa tredi moja, na hapo bado hujaweka ile nusu ya pili ya "ikishuka naongeza".

---

nahodha_pate · Jumanne

Mzee hii nimeipenda. Lakini swali la mtu mvivu: kwa nini usiandike tu "sinunui koini iliyopanda zaidi ya asilimia 20 kwa wiki"? Rahisi, hakuna hesabu.

---

mzee_wa_maweni · Jumanne jioni

Nahodha inaweza kufanya kazi na ni bora kuliko hakuna. Shida yake ni kwamba asilimia 20 kwa BTC ni wiki kubwa sana na kwa koini ndogo ni asubuhi moja. Tena haijali umbali wa stopu, na umbali wa stopu ndio unaoamua unaumia kiasi gani. Mimi naandika hivi: kutoka bei ya kuingia mpaka stopu isizidi asilimia 15. Ikizidi, siingii, hata malaika aje. Kwa stopu ya 0.44 hiyo inamaanisha bei ya juu kabisa ya kununua ni 0.517. Si 0.52, si "karibu na hapo".

Uzuri wake ni kwamba haikufungii nje milele. Kuna njia mbili za mlango kufunguka: bei ishuke, ama msingi upande. Msingi kupanda ni hivi, tuseme koini haishuki, inakaa wiki moja kati ya 0.58 na 0.63 inasinzia. Hapo imejenga sakafu mpya. Stopu sasa inaweza kukaa 0.56 na ukinunua 0.62 umbali ni asilimia kumi hivi, umeruhusiwa. Bei ile ile unayoitamani leo, lakini wiki ijayo ikiwa na sakafu chini yake ni biashara tofauti kabisa. Leo chini ya 0.62 hakuna kitu mpaka 0.46, ni hewa.

---

pampu_tu · Jumanne usiku

0.68 wadau. SITINI NA NANE. Mzee endelea na hewa yako 😂😂

---

kijana_wa_langoni · Jumanne usiku

Wallahi hapa naumia. 0.68. Ningenunua jana nusu yangu ningekuwa na karibu elfu tatu faida. Najua najua, mzee ashasema. Lakini kuna kitu nimegundua, tangu saa mbili usiku nimetoka chati ya siku nikaenda ya saa, nikatoka ya saa nikaenda ya dakika 15, na huko kwenye dakika 15 nikaona "setapu" nzuri ya kununua 0.67 stopu 0.65. Inaruhusiwa si ndiyo? Umbali ni asilimia tatu tu!

---

mzee_wa_maweni · Jumanne usiku

Hahaha. Hapo ndipo sheria ya maandishi inapojaribiwa. Umeitafuta chati mpaka ukapata inayosema ndiyo. Kwenye dakika 15 utapata sakafu kila saa, lakini sakafu hiyo inaguswa kwa upepo tu, koini inayotembea asilimia kumi kwa siku stopu ya asilimia tatu itakutoa kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo ongeza mstari: chati ni ya siku tu, 1D. Stopu natoa hapo, kuingia natazama hapo. Ukijikuta umeshuka taimfremu, jua si uchambuzi huo, ni fomo inatafuta wakili.

Na ongeza huu: kendo ya siku, ile nguzo ya bei ya siku nzima kwenye chati, ifunge kwanza. Kwa saa zetu kendo ya siku kwa Binance na kwingi kwingine inafunga saa tisa usiku, ni saa sita usiku ya UTC. Wewe hutakuwa macho, na ni vizuri usiwe. Unaangalia mara moja tu, baada ya swala ya alfajiri, kendo ishafunga, bei imetulia, grupu limelala. Kama masharti yametimia unaweka oda, hayajatimia unafunga simu mpaka kesho alfajiri.

---

KaskaziKing · Jumatano

Sasa mzee kwa nini ajisumbue kuamka kuangalia kendo wakati anaweza kuweka limiti oda 0.50 akalala? Ikifika inanunua yenyewe, hakuna fomo hakuna nini. Mimi ndivyo nafanya.

---

mzee_wa_maweni · Jumatano

Ni njia halali, na kuna watu wanaojua kazi wanaitumia. Mimi siipendi kwa koini iliyotoka kupaa kwa sababu limiti inanunua kitu kinachoanguka bila kuuliza kinaangukia wapi. Ikitoka 0.68 kwa kasi, oda yako ya 0.50 inajazwa saa nane usiku, saa tisa iko 0.45, asubuhi umeshatolewa kwa stopu. Mimi nataka ishuke, kisha siku moja ifunge JUU ya bei ya juu kabisa ya siku iliyotangulia. Hapo wanunuzi wamerudi. Gharama yake ni kwamba nanunua ghali kidogo kuliko wewe, na mara nyingine inaruka moja kwa moja kutoka 0.50 hadi 0.55 kwa siku moja, inapita 0.517 yangu, imenipita. Sina jibu la kumaliza ubishi huu, kila mmoja analipa mahali pake.

---

nahodha_pate · Jumatano

Mimi niko na KaskaziKing kwa hili, limiti nusu na uthibitisho nusu. Lakini mzee unazungumza kama kila koini hurudi. Zile ambazo hazirudi je? Fomo yote inatoka hapo.

---

ustadh_wa_chati (Lamu) · Jumatano

Fomo ni kama kukosa boti Mokowe, ngoja inayofuata, haraka ya nini.

---

nahodha_pate · Jumatano

Ustadh boti ya Mokowe inarudi kila siku, koini si lazima irudi. Ndiyo swali lenyewe.

---

mzee_wa_maweni · Jumatano jioni

Haya tuangalie moja ambayo kila mtu anaweza kufungua chati yake ajionee mwenyewe, SOL. Desemba 2023 ilianza mwezi ikiwa dola 60 hivi, Krismasi ikavuka 120. Mara mbili kwa wiki tatu nne. Grupu zote zilikuwa moto, kila mtu anasema 200 ni kesho. Rudi kwenye chati utaona katikati ya Desemba ilihangaika sabini na kitu, ikavunja hapo kama tarehe 20 ikaruka. Kwa hiyo msingi ulikuwa sabini na kitu, na aliyenunua 120 stopu yake ya kweli ilikuwa mbali zaidi ya theluthi. Sheria ingesema hapana.

Tarehe 23 Januari 2024 iligusa karibu 80. Theluthi nzima imeondoka kutoka kilele cha Krismasi, kwa mwezi mmoja, na haikuvunja ule msingi. Hapo ndipo mtu wa sheria alipoanza kuandaa oda. Katikati ya Machi ilivuka 200.

---

pampu_tu · Jumatano usiku

Kwa hiyo aliyenunua 120 akakaa tu bila sheria Machi alikuwa na faida ya karibu asilimia 70. Asante kwa kunithibitishia mzee 🤝

---

mzee_wa_maweni · Jumatano usiku

Ni kweli na siifichi. Aliyenunua 120 akakaa alipata. Lakini niambie ni nani aliyenunua kwa fomo kwa nusu ya pesa zake akaangalia theluthi ikiyeyuka Januari nzima bila kuuza. Wachache. Na kumbuka kuna zile ambazo kukaa hakusaidii: DOGE Mei 2021 ilifika senti 73 za dola, wikendi ile Elon Musk alikuwa anatokea kwenye kipindi cha vichekesho cha Amerika, watu walinunua wakingoja kipindi, ikaanguka kipindi kikiwa hewani. Miaka imepita na kilele kile haijakigusa tena. Siku ya kununua DOGE ya senti 70 na SOL ya 120 zilifanana kabisa machoni. Sheria haijui ni ipi itarudi, ndiyo maana haijaribu kukisia, inapima umbali tu.

Na nahodha kuhusu zisizorudi. Zipo. Nina daftari, ukurasa wa mwisho nimeandika "zilizonipita": jina, tarehe, bei niliyokataa, na baada ya siku 30 narudi kuandika iko wapi. Faida ya huo ukurasa ni kwamba kichwa hukumbuka ile moja iliyokwenda mara tano na kusahau nyingine zote zilizorudi. Kwenye grupu pia ni hivyo, hutaona skrinshoti ya mtu aliyenunua juu ikashuka, wanaonyamaza huwaoni. Sisemi ukurasa wangu unathibitisha sheria kwa kila mtu. Weka wako, baada ya miezi kadhaa ukiona zisizorudi ni nyingi kuliko zinazorudi basi asilimia 15 yako ni kali mno, fanya 20 upunguze kiasi. Lakini ubadilishe ukiwa huna koini yoyote unayoitamani siku hiyo.

---

bint_shela (Lamu) · Alhamisi

Nimesoma wote kimya naomba kuongeza moja. Kabla ya asilimia 15 na kendo na nini, kuna swali: inauzika? Novemba 2021 kulikuwa na ile SQUID, iliyojifanya ya ile tamthilia ya Korea. Ilipanda mpaka zaidi ya dola 2,800 kisha ikaenda sifuri kwa dakika chache, na waliokuwa ndani walishindwa kuuza hata wakati bei inapanda, walikuwa wanaweza kununua tu. Chati ilikuwa nzuri ajabu, kijani tupu bila kendo nyekundu, na ni wazi kwa nini, hakuna aliyeweza kuuza. Kwa hivyo mstari wa kwanza wa sheria yangu mimi ni huu: kama ni koini ya kwenye mtandao tu, nanunua ya shilingi 500 nauza yote papo hapo. Isipouzika ama ikikatwa nusu njiani, nimemaliza nayo.

Na jambo la pili, mimi pesa yangu ya tredi siiweki USDT, ile koini ya dola, inangoja, iko M-Pesa. Kila nikitaka kununua inabidi nipitie P2P, mtu kwa mtu, nitafute muuzaji, nitume, ningoje aachilie. Hizo dakika ishirini zimenizuia kuliko sheria yoyote. Tena siku koini imepaa wauzaji wa P2P nao wanaongeza bei ya dola, unanunua dola ghali ili ununue koini ghali.

---

KaskaziKing · Alhamisi

Bint_shela hilo la SQUID ni kweli kabisa, lakini pesa ikiwa M-Pesa huwezi kuweka limiti wala stopu ya kuingilia. Unapoteza zana.

---

bint_shela · Alhamisi

Napoteza zana ndiyo. Nimekubali. Mkono wangu naujua.

---

mzee_wa_maweni · Alhamisi

Bint_shela huo mstari wa kuuza kwanza nauchukua, sikuwa nao kwa sababu mimi hununua zilizo kwenye soko kubwa tu. Kijana yako iko kwenye soko kubwa?

---

kijana_wa_langoni · Alhamisi usiku

Iko kwenye soko kubwa, inauzika, nilishawahi kuwa nayo. Imerudi 0.55 leo. Nilidhani ntafurahi lakini sasa ninaogopa upande wa pili, labda imekufa 😅 Na grupu limenyamaza ghafla, skrinshoti hakuna.

---

pampu_tu · Alhamisi usiku

Sijauza sijapoteza. Ni pulbeki tu.

---

mzee_wa_maweni · Alhamisi usiku

Pampu_tu inaweza kuwa pulbeki tu kweli. Stopu yako iko wapi?

---

pampu_tu · Alhamisi usiku

Stopu ni ya waoga

---

kijana_wa_langoni · Jumapili alfajiri

Samahani kwa kupotea, tulikuwa na wageni wengi. Ripoti: Ijumaa ilifunga 0.50, jana Jumamosi ikashuka mpaka 0.47 ikafunga 0.48, bei ya juu ya jana ilikuwa 0.505. Ile 0.46 haijaguswa. Sijanunua, kwa sababu haijafunga juu ya bei ya juu ya siku iliyotangulia. Nimeiandika upya sheria, nimeibandika ndani ya kabati ya nguo, iko hivi:

"1. Lazima iwe inauzika. 2. Chati ya siku tu, naangalia mara moja baada ya alfajiri. 3. Stopu kwanza, chini kidogo ya pale bei ilipovunja. Haisogezwi chini kamwe. 4. Kutoka bei mpaka stopu isizidi asilimia 15. 5. Kendo ifunge juu ya bei ya juu ya siku iliyotangulia. 6. Riski 1,200, kiasi kinatoka kwenye hesabu. 7. Hakuna kuongeza ikishuka. 8. Siku 14 zikipita bila masharti kutimia, naifuta kwenye orodha, naandika kwenye ukurasa wa zilizonipita."

---

nahodha_pate · Jumapili

Namba 8 umeitoa wapi? Nzuri lakini. Bila hiyo mtu anaweza kukodolea koini moja miezi mitatu.

---

kijana_wa_langoni · Jumatatu alfajiri

Imefunga 0.515!!! Juu ya 0.505. Umbali mpaka 0.44 ni asilimia 14.6, imepita kwa unywele. 1,200 gawa kwa 0.146 ni 8,220 hivi. Nanunua ya 8,200. Mzee?

---

mzee_wa_maweni · Jumatatu asubuhi

Usiniulize mimi, uliza kabati. Angalia tu bei ya sasa, si ya kufunga. Ukichelewa ikawa 0.53 umbali ni asilimia 17, haipo tena.

---

kijana_wa_langoni · Jumatatu asubuhi

Nimeweka limiti 0.515, imejazwa. Sasa stopu. Binance inanipa Stop-Limit, naweka 0.44 zote mbili?

---

mzee_wa_maweni · Jumatatu

Hapana, usiweke sawa. Ya kwanza ndiyo inayoamsha oda, ya pili ndiyo bei ya chini unayokubali kuuza. Zikiwa sawa na koini ikaanguka kwa kasi, oda inaamka, bei ishapita, hakuna wa kukununulia na wewe umebaki ndani unaangalia. Weka Stop 0.44, Limit 0.43. Ile senti moja ni gharama ya kuongeza nafasi ya kuuzika, si uhakika kamili, na ujue riski yako ya kweli ni zaidi kidogo ya 1,200.

---

nahodha_pate · Jumatatu

Mimi hapo ningefanya tofauti, stopu kwa kufunga si kwa kugusa. Hizi koini hupiga mkia usiku 0.435 halafu asubuhi iko 0.49, umetolewa bure. Ningengoja kendo ya siku ifunge chini ya 0.44 ndiyo niuze kwa mkono.

---

mzee_wa_maweni · Jumatatu

Na ikifunga 0.36 nahodha? Kiasi kilipigwa kwa 0.44. Ukitaka stopu ya kufunga basi nunua nusu ya kiasi, hapo sina neno.

---

nahodha_pate · Jumatatu

Nusu ya kiasi nakubali. Lakini mikia ya usiku nimeiona mingi mno kubadilisha mawazo.

---

kijana_wa_langoni · Jumatatu

Mimi usiku nalala na mchana nina wageni, kwa hiyo ya kugusa. Stop 0.44, Limit 0.43, kiasi chote. Imewekwa, naiona kwenye oda zilizo wazi. Mama_viungo uzi wako wa Worldcoin umeufungua wapi, nataka kuufuata ule wa kutoka.